Kutoka Aya hadi Orodha: Lugha ya Maagizo ya Maabara

Maagizo mengi ya maabara huandikwa kwa aya. Aya humfaa msomaji aliyeketi, lakini humsumbua mwanafunzi aliyesimama mbele ya meza akiwa ameshika chupa ya asidi. Itazamwe aya ifuatayo, ambayo ni mfano wa kawaida:

"Ili kutayarisha lita 1 ya myeyusho wa asidi ya salfuriki wenye mola 1, mililita 55 za asidi kali huchanganywa na nusu lita ya maji yaliyotoneshwa, kisha maji huongezwa mpaka kufikia lita 1 baada ya mchanganyiko kupoa. Miwani na glavu zivaliwe, kwani joto jingi hutokea."

Sarufi ya aya hii haina kosa, lakini ina hatari tatu. Ya kwanza imo katika kitenzi "huchanganywa na". Kuchanganya asidi na maji na kuchanganya maji na asidi ni jambo moja katika lugha; katika maabara ni mambo mawili. Uzito wa asidi kali ya salfuriki unakaribia mara mbili ya uzito wa maji ya kiasi hicho hicho. Maji yakimiminwa juu yake hubaki juu, huchemka ghafla kwa joto linalotokea, na kurusha matone ya asidi usoni. Asidi ikimiminwa ndani ya maji huzama, na joto lake hutawanyika katika maji mengi.

Kitenzi "tia" nacho hakitoshi. Kiswahili husema "tia chai sukari", yaani chombo au kitu kinachopokea hutajwa kwanza. Kwa kanuni hiyo, "tia maji asidi" ni agizo salama, na "tia asidi maji" ni agizo la kuumiza. Usalama wa jicho la mtu haufai kutegemea mpangilio wa maneno mawili. Afadhali kusema "mimina asidi ndani ya maji", ambapo neno "ndani" huondoa shaka.

Hatari ya pili ni mfuatano. Miwani hutajwa mwishoni, ilhali huvaliwa mwanzoni. Kadhalika, "baada ya mchanganyiko kupoa" huja nyuma ya tendo linalopaswa kusubiri kupoa huko. Msomaji atendaye huku akisoma atakuwa ameshaongeza maji. Hatari ya tatu ni umbo la "hu-" na kauli ya kutendwa: huonyesha desturi, bila kumwagiza yeyote.

Aya hiyo ikigeuzwa kuwa orodha huwa hivi:

☐ Vaa miwani ya usalama.
☐ Vaa glavu na koti la maabara.
☐ Fungua bomba uone kwamba maji yanatoka, kisha lifunge.
☐ Weka mililita 500 za maji yaliyotoneshwa katika bika ya lita 1.
☐ Pima mililita 55 za asidi kali (asilimia 98) kwa silinda kavu.

HADHARI: Usimimine maji ndani ya asidi kamwe. Asidi ikikugusa, osha mahali hapo papo hapo kwa maji mengi ya bomba kwa dakika zisizopungua 20, na mwalimu aitwe.

☐ Mimina asidi ndani ya maji kidogo kidogo, huku ukikoroga kwa kijiti cha kioo.
☐ Ngoja mpaka kipimajoto kirudi kwenye joto la chumba.
☐ Hamishia myeyusho katika chupa ya ujazo ya lita 1.
☐ Suuza bika kwa maji kidogo, uyamimine katika chupa hiyo.
☐ Ongeza maji mpaka alama ya lita 1, ufunge chupa na kuipindua mara kadhaa.

Hadhari imewekwa kabla ya hatua inayohusika, kwa kuwa onyo linalofuata tendo ni masimulizi tu. Tena, badala ya "hakikisha umepoa", orodha hutaja kipimajoto. Kisanduku hutiwa alama kwa jambo linaloonekana, si kwa dhana. Myeyusho wa moto umetanuka. Ukijazwa hadi alama ungali moto, utapungua ukipoa, na vipimo vyote vitakavyoutegemea vitapotoka.

Orodha nayo ina mipaka. Haielezi sababu, kwa hiyo maelezo ya joto na uzito yabaki katika aya, na yasomwe kabla ya kuingia maabara. Tena, mwanafunzi anaweza kutia alama zote kwa pamoja mwishoni, hapo orodha ikawa karatasi tu. Dawa yake ni wanafunzi wawili wawili: mmoja husoma na kutia alama, mwenzake hutenda. Msomaji akilazimika kurudia agizo mara mbili ndipo mwenzake alielewe, kosa ni la mwandishi, na agizo hilo liandikwe upya.