Miguu ya Makaron Huanzia kwenye Bakuli

Katika mtaa wa Royale jijini Paris lipo duka la Ladurée, lililofunguliwa mwaka 1862 kama duka la mikate. Leo linajulikana zaidi kwa biskuti moja ndogo ya lozi, makaron: vipande viwili vya duara vilivyobanana, katikati vimetiwa krimu au jamu. Juu kila kipande ni laini, hakina ufa wala kichunusi. Chini, kuzunguka ukingo wote, kuna pindo la mapovu madogomadogo lililovimba na kujikunjakunja. Wafaransa huliita pindo hilo mguu, na mwokaji anayejua kazi yake hulitazama hilo kwanza kabla ya kuonja.

Viungo vya vipande hivyo ni vinne tu. Kwa vipande 50 hivi, yaani jozi 25, mwokaji hupima gramu 100 za ute wa yai, ambazo hupatikana kwenye mayai matatu makubwa, gramu 90 za sukari laini ya kawaida, gramu 130 za unga wa lozi na gramu 130 za sukari ya unga, ile ya kupambia keki. Unga wa lozi na sukari ya unga huchekechwa pamoja, maana chenga za lozi zikibaki zitaonekana juu ya kipande. Ute hupigwa huku sukari laini ikiongezwa kidogokidogo, mpaka povu liwe gumu na jeupe, lisimwagike hata bakuli likipinduliwa.

Kuanzia hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Aliyezoea kuoka keki ya sponji amefundishwa kulinda hewa iliyomo kwenye mayai, achanganye taratibu na aache mapema. Kwenye makaron anatakiwa kuivunja sehemu ya hewa hiyo kwa makusudi. Povu likiachwa na nguvu zake zote, rojo halitiririki. Litabaki na umbo lilivyomiminwa, na kile kichuchu kinachoachwa na mfuko wa kumiminia kitakauka palepale na kuokwa hivyohivyo. Ndiyo maana mwiko wa mpira hupitishwa chini ya bakuli, ukanyanyua rojo na kulikunja juu, kisha ukaligandamiza kwenye ukuta wa bakuli na kulikwangua tena. Mafuta ya lozi nayo yanasaidia kulegeza povu, kwa hiyo kila mkunjo unabadilisha kitu.

Mwanzoni rojo ni kavu na lina mabonge. Baadaye linaanza kung'aa, na mwiko ukiinuliwa linadondoka kwa vipande vizito. Ikifika hapo mikunjo ihesabiwe mmojammoja. Rojo lililo tayari hushuka kutoka kwenye mwiko kama utepe usiokatika, na mstari unaoacha juu ya rojo lililomo bakulini huzama na kupotea ndani ya sekunde 20 hadi 30. Njia ya uhakika zaidi ni kuweka kijiko kimoja cha rojo kwenye sahani na kulitazama. Kichuchu kikibaki kimesimama, kunja mara mbili au tatu zaidi, ujaribu tena. Kikizama chenyewe na duara likabaki duara, acha mara moja. Rojo likiendelea kutambaa na ukingo wake haukai mahali pamoja, limepitiliza, na hakuna cha kulirudisha.

Mapishi mengi hutaja idadi ya mikunjo, wengine wakisema 40, wengine 50. Idadi hiyo haifai kuaminiwa. Mkono wa mtu mmoja una nguvu kuliko wa mwingine, na unga wa lozi wa leo unaweza kuwa na unyevu kuliko wa juzi. Macho ndiyo yanayoamua. Ni busara pia kuacha kidogo kabla ya wakati, kwa sababu kulijaza rojo kwenye mfuko na kulikamua ni kulivunja zaidi.

Mfuko hushikwa wima, na rojo hukamuliwa katika miduara ya sentimita tatu na nusu hivi juu ya karatasi ya kuokea. Kisha trei hugongwa mezani mara kadhaa kwa nguvu. Mapovu yaliyofichika hupanda juu, na yanayokataa kupasuka hutobolewa kwa kijiti cha meno. Povu moja lililosahaulika linatosha kuharibu uso wa kipande kizima.

Sasa trei huachwa wazi ipumzike. Upepo hukausha juu ya kila kipande, na ngozi nyembamba hujitengeneza. Ngozi hii ndiyo inayoumba mguu. Ndani ya oveni, hewa na mvuke vinatanuka vikitafuta njia ya kutoka. Pasipo ngozi, vinapasua juu. Panapokuwa na ngozi, vinaisukuma yote juu kwa pamoja, na rojo bichi linachomoza chini pembeni, linajaa mapovu na kugandia hapo. Kwenye oveni ya nyuzi joto 150 za Selsiasi, miguu huanza kuonekana kupitia kioo baada ya kama dakika tano.

Katika hewa kavu, nusu saa inaweza kutosha. Mombasa, Unguja au Dar es Salaam wakati wa masika, saa nzima inaweza kupita na vipande bado vinanata. Hapo saa haisaidii. Kinachosaidia ni feni au chumba chenye kiyoyozi, na kipimo ni ncha ya kidole: igusishwe taratibu kwenye ukingo wa kipande. Kidole kikitoka kikavu, na mng'ao wa rojo umefifia, trei iko tayari. Kuiacha masaa mengi nako si kuzuri, kwani povu lililomo ndani huendelea kulegea na nguvu ya kuinua ngozi hupungua.

Vipande huokwa dakika 14 hadi 16. Kabla ya kuvitoa, kimoja husukumwa kwa kidole upande wa juu. Uso ukiteleza juu ya mguu, bado ni kibichi na kingenywea kikipoa.

Trei ikitoka na kasoro, inasomeka. Vipande vyenye vichuchu lakini miguu mizuri vimetokana na rojo lisilokunjwa vya kutosha. Vilivyosambaa, laini juu lakini bapa na bila mguu, au mguu umetanda pembeni kama sketi, vimekunjwa kupita kiasi. Vilivyopasuka juu na kukosa mguu mara nyingi havikukauka, au oveni ni kali kuliko inavyosema, na jambo hilo la pili ni la kawaida mno kwenye oveni za nyumbani. Kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ya oveni huondoa ubishi.

Anayeoka mahali penye unyevu anaweza pia kufuata njia anayoitumia Pierre Hermé, mwokaji maarufu wa Paris: sukari huchemshwa na maji hadi nyuzi 118, kisha shira humiminwa kwenye ute unaopigwa. Povu hilo ni imara zaidi na linasamehe makosa ya kukunja, ila linadai kipimajoto cha sukari na mkono wa haraka.

Kwa kuwa lozi ni ghali, anza na nusu ya kipimo. Usioke trei nzima kwa mara moja: kamua vipande vinne kwenye karatasi ndogo, vikaushe, vioke peke yake, uone miguu yake kabla ya kuingiza vilivyobaki.