Gemu Inapokufa Kabla ya Kufika Kwenye Menyu

Tumchukue mchezaji mwenye laptopu yenye kadi ya RTX 3050, ile yenye kumbukumbu ya GB 4. Kwa wiki kadhaa amekuwa akicheza Cyberpunk 2077 bila shida. Jioni moja anaingia kwenye mipangilio ya picha, anachagua `Ray Tracing: Ultra`, anaweka DLSS kwenye `Quality`, anakubali. Gemu inaganda, skrini inakuwa nyeusi kidogo, kisha anajikuta kwenye desktopu akitazamana na kidirisha kilichoandikwa `Cyberpunk 2077 has flatlined`. Anaiwasha tena ili arudishe mipangilio ya zamani, nayo inakufa kabla menyu haijatokea. Anazima laptopu na kuiwasha upya, mambo ni yale yale.

Hapo wengi huamua kuifuta gemu yote na kuipakua upya. Kwa gemu inayokula zaidi ya GB 70, anayenunua bando atalipia uamuzi huo vizuri, na mara nyingi hatapata kitu, kwa sababu kilichoharibika hakimo ndani ya folda ya gemu.

Mchezaji anapokubali badiliko, gemu huliandika kwenye faili dogo la mipangilio. Gemu ikifa muda mfupi baadaye, faili linabaki na chaguo lile lile zito. Safari inayofuata gemu inaamka, inalisoma, inatii, inakufa tena. Mwenyewe hapati nafasi ya kubadilisha mawazo, kwa kuwa swichi ya kuzimia iko kwenye menyu ambayo haifunguki. Na kwa kuwa faili hilo hukaa kwenye folda za mtumiaji wa Windows, kuifuta gemu kwa kawaida huliacha palepale likimsubiri.

Tiba yenyewe ni ya dakika mbili. Kwanza gemu ifungwe kabisa: kwenye `Task Manager`, kama `Cyberpunk2077.exe` bado imo, isimamishwe, maana gemu iliyobaki hai kichinichini inaweza kuliandika faili upya. Kisha kitufe cha Windows na R vibonyezwe pamoja, na kwenye kisanduku kinachofunguka iandikwe anwani hii:

```
%localappdata%\CD Projekt Red\Cyberpunk 2077
```

Njia hiyo inamwepusha mtu na usumbufu wa kuitafuta folda ya `AppData`, ambayo Windows huificha. Ndani yake kuna `UserSettings.json`. Ushauri unaozunguka ni kulifuta, lakini ni busara zaidi kulibadilisha jina, kwa mfano `UserSettings-zamani.json`. Gemu haitalitambua, na mwenyewe anabaki na nakala. Ikiwashwa na kukosa faili lake, gemu huandika jipya lenye chaguo za kuanzia. Sauti, manukuu na vitufe navyo hurudi vilivyokuwa siku ya kwanza, kwa sababu viko kwenye faili hilo hilo. Hatua alizofikia mchezaji haziguswi: ziko mbali, kwenye folda ya `Saved Games`.

Si kila gemu ina mpangilio huo salama, na hapa ndipo watu hulia. Elden Ring, iliyoongezewa ray tracing Machi 2023, huweka `GraphicsConfig.xml` ndani ya `%appdata%\EldenRing`, na ndani ya folda hiyo hiyo kuna folda nyingine yenye jina la tarakimu tupu, inayobeba `ER0000.sl2`. Faili hilo ndilo safari nzima ya mchezaji. Anayefuta `EldenRing` yote kwa haraka anafuta pia miezi yake ya jasho. Gemu nyingi zilizojengwa kwa injini ya Unreal nazo zina folda ya `Saved`, ambamo `Config` na `SaveGames` hukaa jirani. Kinachoondolewa ni faili moja tu, `GameUserSettings.ini`, na folda inayolibeba iachwe.

Kuna pia gemu ambazo Steam huhifadhi mipangilio yake mtandaoni. Mtu analiondoa faili, anawasha gemu, Steam inamrudishia lile lile bovu. Dalili ni rahisi: ukitazama tarehe ya faili, utakuta ni ya zamani ilhali ulitarajia la leo. Dawa ni kuzima `Steam Cloud` ya gemu hiyo kwa muda, kuondoa faili, na kuiwasha tena gemu ikishakaa sawa.

Lakini kuondoa faili kunafungua mlango tu. Chanzo bado kipo, na akirudia chaguo zile zile atarudi kwenye kidirisha kile kile.

Ray tracing humaanisha kadi inafuatilia miale ya mwanga inavyogonga vitu na kuakisiwa. Ili kufanya hivyo, inabeba kwenye kumbukumbu ramani nyingine ya maumbo yote ya eneo, juu ya picha za nyuso zilizokuwemo tayari. Kwa GB 4 nafasi inaisha upesi. Windows huazima kwenye RAM ya kawaida, kasi inaporomoka, na baadhi ya gemu hushindwa kabisa. Kuna na saa nyingine inayohesabu: kwa kawaida Windows huipa kadi sekunde 2 kumaliza kazi iliyopewa. Ikipitiliza, mfumo unadhani kadi imekwama na kuianzisha upya draiva, huku gemu ikiachwa mikono mitupu. Ndiyo sababu skrini ilikuwa nyeusi kidogo. Kwenye `Event Viewer` tukio hilo mara nyingi huandikwa kwa namba 4101, na baadhi ya gemu hutoa maneno `DXGI_ERROR_DEVICE_HUNG` au `DXGI_ERROR_DEVICE_REMOVED`.

DLSS yenyewe mara nyingi husingiziwa. Kwa skrini ya 1920 kwa 1080, `Quality` huchora picha ya 1280 kwa 720 na kuikuza, kwa hiyo kadi hupumua. Ikiwa gemu inakufa kwa DLSS pekee, ray tracing ikiwa imezimwa, mshukiwa wa kwanza ni draiva iliyopitwa na wakati, kisha programu zinazoandika juu ya skrini, kama za kurekodi au kuonyesha kasi ya picha. `Frame Generation` ni habari nyingine. Hiyo huongeza mzigo kwenye kumbukumbu, na ile ya NVIDIA haifanyi kazi chini ya kadi za RTX 40.

Kadi iliyoongezwa kasi kuliko ya kiwandani nayo hujianika hapa. Inaweza kuonekana nzima mwaka mzima, kisha ikaanguka siku ray tracing inapowashwa, kwa kuwa sehemu za kadi zilizokuwa zimelala zimeamshwa. Irudishwe kwenye kasi yake ya asili kabla ya kulaumu gemu.

Mchezaji wetu wa RTX 3050 basi aanze na draiva mpya, ashushe ubora wa picha za nyuso, aweke DLSS peke yake na kucheza nusu saa. Akiona salama, ajaribu `Ray Tracing: Low`, huku `Task Manager` ikionyesha kumbukumbu ya kadi. Ikigusa GB 4 na gemu ikaanza kukatakata, amefika ukingoni mwa kadi yake, na hakuna faili la kufuta litakalomwongezea nafasi. Kabla ya kila jaribio anakili `UserSettings.json` lililo zima kando, ili gemu ikifa tena alirudishe bila kupanga upya sauti na vitufe.