Mwiba au Dawa? Nukta za Kiigbo Zinavyopotea Kwenye Simu

Tuseme mama mmoja yuko shambani karibu na Nsukka, kusini mashariki mwa Nijeria, naye anamwandikia bintiye aliyeko Lagos: "Ogwu duru m n'ukwu." Alichotaka kusema ni "Ogwu dụrụ m n'ụkwụ", yaani mwiba umenichoma mguuni. Simu yake haina herufi zenye nukta chini, au anazo ila hajui zilipofichwa, kwa hiyo ameandika kwa herufi tupu, kama wafanyavyo Waigbo wengi.

Sasa binti ana kazi. Katika Kiigbo, ogwu ni mwiba, lakini ọgwụ ni dawa. Ukwu ni kiuno au nyonga, lakini ụkwụ ni mguu. Hata kitenzi hakisaidii sana: dụrụ ni kuchoma, duru ni kuongoza. Ukirudisha nukta mahali pasipo pake, sentensi ileile inakuwa dawa imenichoma nyongani, na binti anaweza kudhani mama katoka kupigwa sindano. Ni kweli kwamba kwa sindano Mwigbo kwa kawaida angetumia kitenzi kingine, ila mtu aliyeshtuka hakai kupima vitenzi.

Utata wenyewe uko katika neno la kwanza. Ogwu, mwiba, halina nukta hata likiandikwa kwa ufasaha. Msomaji hawezi kujua kama nukta hazipo kwa sababu hazitakiwi au kwa sababu zimeshindikana kuandikwa. Herufi tupu nayo ni herufi halali, tena yenye sauti yake.

Alfabeti rasmi ya Kiigbo ina herufi 36, na nne kati yake hubeba nukta: ị, ọ, ụ na ṅ. Ilikubaliwa mwaka 1961 na kamati iliyoongozwa na Daktari Ọnwụ, baada ya zaidi ya miaka 30 ya ubishi kati ya wafuasi wa mfumo wa nukta na wafuasi wa mfumo mwingine ulioletwa mwaka 1929, uliokuwa na alama kama ɔ na ɵ. Nukta zilishinda. Enzi za taipureta hazikuwa mzigo mkubwa, maana karani aliweza kupiga o ya kawaida, akatoa karatasi, akaongeza nukta kwa kalamu. Kioo cha simu hakiandikiki kwa kalamu namna hiyo.

Irabu za Kiigbo ni nane, nazo zimegawanyika makundi mawili. Kundi moja ni e, i, o, u. Jingine ni a, ị, ọ, ụ, ambazo hutamkwa koo likiwa limebanwa kidogo na shina la ulimi likiwa limerudi nyuma. Kwa kawaida neno moja huchukua irabu za kundi moja tu, isipokuwa maneno ambatani, ya kukopa na mengine machache. Kanuni hii ndiyo inayowaokoa wasomaji kila siku bila wao kuifikiria. Ukikuta "oka", ile a inakuambia kwamba o imepoteza nukta: ni ọka, mahindi. Ukikuta "ego", ile e inakuhakikishia kwamba hakuna kilichopotea: ni ego, fedha. Maneno yanayoleta kizaazaa ni yale yasiyo na a wala e, yaliyojengwa kwa i, o na u peke yake. Humo ndimo walimo ogwu na ukwu. Humo yumo pia di, mume, anayechanganywa na dị, kuwa. Na oku, mwito wa simu, unaochanganywa na ọkụ, moto. Hata Ngozi, jina tunalolisoma huku tukiwaza ngozi ya mwili, kwao ni Ngọzị, yaani baraka.

Herufi ṅ ni kesi ya peke yake, na msomaji wa Kiswahili ataielewa upesi kuliko Mwingereza: ni ileile ng' ya ng'ombe. Sisi tuna ritifaa ndogo inayosahauliwa kwenye simu, wao wana nukta ya juu. Mbele ya k au g sauti hiyo hujitokeza yenyewe, hivyo huandikwa n ya kawaida. Mbele ya irabu ndipo nukta inapobeba maana. Ịnụ ni kusikia, ịṅụ ni kunywa. Ọnụ ni mdomo, ọṅụ ni furaha. Binti akimwuliza mama "I nula?", mama hajui kama anaulizwa "umesikia?" au "umekunywa?", na kama swali lilihusu vidonge vya asubuhi, jibu la "ndiyo" linaweza kuwa la kitu kingine kabisa.

Nukta zinapotelea wapi? Kwanza, kwenye kibodi. Ukiwa kwenye kibodi ya Kiingereza na ukabonyeza o kwa muda, utaletewa ò, ó, ô, ö na wenzake, lakini kwa kawaida si ọ. Ndiyo maana wengine huandika ö na ü badala ya ọ na ụ, na ñ ya Kihispania badala ya ṅ. Binadamu anaelewa, lakini atakayetafuta "ọgwụ" huenda asiupate ujumbe ulioandikwa "ögwü".

Pili, kwenye ujumbe mfupi wa kawaida, usiopita kwenye intaneti. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160 mradi zote zitoke katika orodha fupi ya kimataifa iliyowekwa kwa ajili ya simu za mkononi. Ọ, ị, ụ na ṅ hazimo katika orodha hiyo (ö, ü na ñ zimo). Ukiandika ọ moja tu, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Sentensi za herufi 100 zilizokuwa ujumbe mmoja zinakuwa mbili, na mtumaji anaweza kutozwa mara mbili. Baadhi ya simu zina mpangilio wa kubana gharama hiyo kwa kuzigeuza herufi zenye alama kuwa herufi tupu kabla ya kutuma. Mama huyo huenda aliandika nukta zote vizuri, zikavuliwa njiani.

Anayepokea ana kipimo rahisi. Atazame maneno yasiyokosekana, hasa ndị, neno la kutajia watu. Yakiwa na nukta, mwandishi ana kibodi sahihi, na "ogwu" bila nukta huenda kweli ni mwiba. Yakiwa tupu, asiiamini i, o wala u yoyote katika ujumbe huo bila kuangalia a na e zilizo jirani.

Anayetuma anaweza kuongeza Kiigbo katika orodha ya lugha za kibodi yake. Gboard, kwa mfano, inacho. Baada ya hapo azime masahihisho ya Kiingereza, maana hayo hubadilisha neno hata lililoandikwa vizuri.

Yote hayo yakifanyika, bado akwa litabaki vilevile. Kulingana na kupanda na kushuka kwa sauti, ni kilio, nguo, yai au kitanda, na katika uandishi wa kila siku alama za toni haziwekwi. Hapo Mwigbo hutegemea maneno ya jirani, kama alivyokuwa akifanya kabla ya simu.