Mkono Usiouacha Ukuta

Nyumba ikishika moto, taa zimezimika na moshi mweusi umejaa kuanzia darini hadi magotini, askari wa zimamoto anayeingia kutafuta watu haoni kitu. Tochi yake inaangaza moshi tu. Hata mkono wake mwenyewe haonekani mpaka ausogeze kwenye kioo cha barakoa. Hata hivyo anatakiwa kupita chumba baada ya chumba, ampate aliyeanguka, kisha atoke na wote wawili wakiwa hai. Kinachomwezesha kufanya hivyo ni utaratibu mmoja: mkono mmoja unashika ukuta, na hauuachi.

Msako wa kwanza hufanywa moto ungali unawaka. Ni wa haraka na lengo lake ni watu tu, si mali wala chanzo cha moto. Moto ukishadhibitiwa na moshi kupungua, hufuata msako wa pili, wa polepole, wa kuhakikisha hakuna aliyesahaulika.

Askari huingia wawili wawili, kamwe si mmoja peke yake. Mlangoni wanakubaliana: tunakwenda na mkono wa kulia. Kuanzia hapo mkono wa kulia wa kiongozi unagusa ukuta na kila kona ya chumba anakata kushoto. Mwenzake anamfuata akiwa ameshika buti au mkanda wake, na anajinyoosha kuelekea katikati ya chumba, akipapasa sakafu kwa mkono, mguu au mpini wa shoka. Wanatambaa, kwa sababu joto kali limekaa juu na karibu na sakafu huenda pakawa na upenyo wa kuonea. Katika chumba cha mita nne kwa nne, watu wawili walionyooka hivyo hufika katikati bila yeyote kuachana na ukuta. Kiongozi akikuta fremu ya mlango, wanaingia chumba hicho cha pembeni, wanazunguka kuta zake zote, wanatokea mlango uleule, kisha wanaendelea na ukuta walioukatiza.

Uzuri wa njia hii unaonekana wakati wa kurudi. Wakizunguka chumba chote bila kuuacha ukuta, watarudi kwenye mlango walioingilia. Wakilazimika kukatiza njiani, labda wamempata mtu au hewa inapungua, wanageuka na kubadili mkono: waliokuja kwa kulia sasa wanarudi kwa kushoto, kwenye ukuta uleule. Hapa ndipo wengi hukosea. Aliyegeuka nyuma akasahau kubadili mkono atashika ukuta wa upande wa pili na kuingia sehemu asiyoijua, huku akiamini anatoka. Dalili ziko mikononi mwake. Akigusa kabati ambalo hakulipita, au akikosa sofa alilolipita, asimame pale pale na kutoa taarifa kwa redio kabla hajasonga zaidi.

Kupapasa nako kuna namna yake. Kwenye ukuta hutumika mgongo wa mkono. Ukikutana na waya wenye umeme, misuli hujikunja, na kiganja kilicho wazi kingeukamata waya huo badala ya kuuachia. Kitanda hupapaswa juu na uvunguni, na kwenye mabweni yenye vitanda vya dabodeka kitanda cha juu kisisahaulike, maana huko ndiko moshi hufika kwanza. Nyuma ya mlango huangaliwa kila mara, kwa kuwa watu wengi huanguka wakiwa wanaelekea kutoka. Mlango ukigoma kufunguka, usisukumwe kwa nguvu kabla ya kupitisha mkono upande wa pili, huenda mtu ndiye aliyeuzuia. Watoto hujificha: kabatini, chini ya meza, bafuni. Kila baada ya muda askari huita, kisha wote wawili hubana pumzi kidogo na kusikiliza, kwa sababu mlio wa vifaa vyao vya hewa hufunika kikohozi au mlio wa mtoto.

Yote haya hufanyika kwa hewa yenye kikomo. Mtungi unaoitwa wa dakika 30 hauchukui dakika 30 kwa mtu anayetambaa, anayehema na kuburuta mtu mzima. Kwa sababu hiyo chumba kilichokwisha kukaguliwa hakipaswi kukaguliwa tena na kikosi kingine katika msako huu, na hapo ndipo alama zinapohitajika. Kikosi kinapoingia chumbani huchora kwa chaki mstari mmoja wa mshazari mlangoni, chini, mahali ambapo anayetambaa ataukuta. Kikitoka huchora mstari wa pili unaoukatiza wa kwanza. Msalaba kamili maana yake chumba kimekaguliwa na waliokikagua wametoka. Mstari mmoja maana yake wenzetu wamo ndani, na ukikaa muda mrefu bila kukatizwa, unaueleza uongozi mahali pa kuanza kuwatafuta.

Lakini ukuta una mipaka yake, na mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, uliijua kwa gharama kubwa. Jioni ya tarehe 3 Desemba 1999 liliwaka ghala kuukuu la baridi lililojengwa mwaka 1906, jengo la ghorofa lisilotumika, lenye madirisha machache mno na kuta zilizojazwa vifaa vya kuzuia joto vinavyowaka kwa kasi. Askari waliambiwa kwamba watu wasio na makazi walikuwa wakilala humo, wakaingia kuwatafuta. Mwanzoni moshi ulikuwa mwepesi, kisha ghafla ukawa mzito. Wawili wakapotea. Walitangaza kwa redio kwamba wamepotea na hewa inawaishia. Wenzao wakaingia kuwatafuta, na wanne kati yao nao hawakurudi. Ofisa aliyesimamia shughuli ndani, Mike McNamee, alijisimamisha kwenye ngazi na kuwazuia waliotaka kupanda tena. Ulikuwa uamuzi mgumu, na nauona ni sahihi. Walikufa askari sita. Wasio na makazi ambao walikuwa wakitafutwa walikuwa wametoka zamani.

Katika jengo kama lile, kufuata ukuta hakutoshi. Ukumbi ni mpana mno, watu wawili hawafiki katikati, na anayeuacha ukuta hatua chache tu hana tena kitu cha kumrudisha. Ghala, ukumbi wa harusi, kiwanda na soko la ndani huhitaji kamba. Kamba hufungwa imara nje ya mlango, mmoja hubaki hapo akiichunga, na wanaoingia huivuta kwenda nayo. Kamba zinazotumika na vikosi vingi vya Marekani zina pete na mafundo kila baada ya mita sita hivi: fundo moja ni mita sita, mawili ni kumi na mbili, na upande wa pete ndio upande wa kutokea. Mtu asiyeona kitu huijua njia kwa vidole. Siku hizi kamera za joto huonyesha mwili wa mtu ndani ya moshi, ila betri huisha na kioo hakionyeshi kilicho nyuma yake, kwa hiyo mwenye kamera naye hafai kuiacha kamba wala ukuta.

Msako huu unaweza kufupishwa na wewe uliyekwisha kutoka. Piga 114 ukiwa Tanzania, 999 au 112 ukiwa Kenya. Kusanyeni watu mahali pamoja, mhesabiane kwa majina. Gari likifika, mtafute kiongozi na umwambie nani hayupo, alikuwa chumba gani, mlango wake uko upande upi ukiingia, na madirisha yapi yana nondo. Kama wote mmetoka, mwambie hivyo hivyo, waziwazi, ili asiingize askari kumtafuta mtu ambaye hayumo.