Kabla ya kupandisha ghorofa, kata maboksi kwanza

Binamu yangu hapa Mombasa alitaka kupandisha nyumba yake kutoka mita 7 hadi 13. Upande wa kusini wamepakana na bi mkubwa mmoja mwenye uwanja wa mita 6, ambapo huanika nguo na bizari. Alipopata habari akaniambia, "Mwanangu, hilo jua langu mwalitia mfukoni." Mimi ndiye mchoraji ramani, na ramani ya karatasi haikuwa na jibu la kumpa.

Basi nikachukua maboksi ya kadibodi. Kwa kipimo cha 1:100, sentimita moja ni mita moja. Milango na madirisha sikuyagusa, kwa kuwa nilichopima ni ukubwa wa jengo tu. Nikakata nyumba ya binamu, na za majirani wote wanaoizunguka. Kosa la wengi ni kutengeneza jengo lao peke yake. Likikaa pekee mezani, kila jengo huonekana dogo.

Kosa jingine ni kulitazama kutoka juu kama kunguru. Mimi huweka kamera ya simu usawa wa sentimita moja na nusu, ambapo ni macho ya mpita njia.

Kivuli nilikipima kwa kompyuta, kwenye SketchUp, kwa kuweka mahali, tarehe na saa. Kwanza hakikisha kaskazini iko sawa, la sivyo kivuli kitaangukia nyumba isiyohusika. Tochi ya simu haifai, kwani miale yake hutawanyika na kivuli huwa cha uongo.

Mwezi wa Juni jua letu hupita upande wa kaskazini, kivuli kikaangukia kusini. Saa sita mchana, nyumba ya zamani ilitupa kivuli cha mita 3.6, na bi mkubwa akabaki na mita 2.4 za jua. Nyumba mpya ilitupa mita 6.7: uwanja wote kiza.

Nikazirudisha nyuma zile ghorofa mpya mita 4 kutoka ukuta wa uwanja. Kivuli chao kikafika mita 2.7 tu, ndani ya kile cha zamani. Halafu nikakumbuka tangi la maji, ambalo husahauliwa mno. Likikaa ukingoni lingeongeza mita 2 za kimo, na kivuli kingepita tena cha zamani. Tukalihamishia upande wa barabara.

Saa tatu asubuhi mambo ni mengine: ghorofa mpya, hata zikirudi nyuma, humaliza kijisehemu cha jua kilichobaki. Hilo nilimwambia bi mkubwa wazi. Upepo wa kusi nao sikuuahidi lolote, kwani kadibodi na feni ya mezani havipimi upepo wa kweli.

Aliinama akatazama boksi la nyumba yake, akaweka kidole uwanjani. "Mchana wanitosha," akasema. Binamu amepoteza chumba kimoja kila ghorofa, lakini amepata baraza ya juu.