Kitufe Kimoja, Hali Nne: Jinsi Saketi Isiyo na Saa Inavyokumbuka

Tuseme tunataka taa iwashwe na kuzimwa kwa kitufe kimoja. Ukibonyeza, inawaka; ukiachia, inaendelea kuwaka. Ukibonyeza tena, inazimika. Ukiachia, inabaki imezimika. Saketi ya kazi hii haiwezi kutegemea kitufe peke yake, kwa kuwa kitufe kilichoachiwa hakisemi kama taa inapaswa kuwaka au la. Lazima saketi ikumbuke yaliyotangulia.

Saketi nyingi za kompyuta hukumbuka kwa msaada wa saa, yaani mpigo wa umeme unaoziamuru sehemu zote zibadilike kwa pamoja. Yetu haina saa. Inaitikia papo hapo kitufe kinapoguswa. Mwaka 1954 David Huffman wa MIT alichapisha njia ya kusanifu saketi za namna hii hatua kwa hatua, na njia hiyo ndiyo tutakayoifuata. Ina sharti moja, linaloitwa utaratibu wa msingi: ingizo moja tu libadilike kwa wakati mmoja, na lisibadilike tena mpaka saketi iwe imetulia.

Jedwali la kwanza

Hatua ya kwanza ni kuandika jedwali la mtiririko la awali, ambalo kila mstari wake una hali tulivu moja tu. Kitufe tukiite x: 1 kikibonyezwa, 0 kikiachiwa. Tukifuata kisa cha taa tangu mwanzo hadi kinapojirudia, tunapata hali nne:

```
      x=0    x=1    taa
a     (a)     b      0
b      c     (b)     1
c     (c)     d      1
d      a     (d)     0
```

Mabano yanaonyesha mahali saketi inapotulia. Herufi isiyo na mabano ni ya mpito: inasema saketi iende wapi. Ukiwa katika a ukabonyeza, unahamia safu ya x=1, unakuta b, na saketi inashuka hadi mstari wa b na kutulia humo. Ukiachia, inakwenda c. Bonyezo la pili linaipeleka d, na ukiachia inarudi a.

Hatua ya pili ni kuuliza kama mistari fulani inaweza kuunganishwa, maana mistari ikipungua kumbukumbu nayo hupungua. Mistari miwili huungana ikiwa haipingani katika safu yoyote. Tujaribu a na b, zinazofuatana. Katika safu ya x=0, mstari wa a unataka kubaki a, taa ikiwa imezimika, ilhali mstari wa b unataka kwenda c, taa ikiwaka. Haziungani. Jozi nyingine nazo zinagonga mwamba kwa namna hiyo hiyo. Katika saketi nyingi hatua hii hupunguza mistari sana, lakini hapa nne zinabaki nne. Jibu hilo lina maana: kazi hii haiwezi kufanywa kwa biti moja ya kumbukumbu. Inahitaji mbili.

Mbio za biti mbili

Sasa kila hali ipewe msimbo wa biti mbili, tuziite y1 na y2. Anayehesabu kwa mazoea ataandika a=00, b=01, c=10, d=11. Katika saketi yenye saa, uchaguzi huo ungebadilisha tu idadi ya malango ya mantiki yanayohitajika. Katika saketi isiyo na saa unaharibu kazi yenyewe.

Tazama safari ya kutoka b kwenda c, mtu anapoachia kitufe. Msimbo unapaswa kutoka 01 kuwa 10, kwa hiyo biti zote mbili zinatakiwa kubadilika. Lakini hakuna malango mawili yenye kasi sawa kabisa, moja litatangulia. Ikiwa y2 itashuka kwanza, msimbo unakuwa 00, ambao ni a. Na katika safu ya x=0, a ni hali tulivu. Saketi inatua hapo na haiondoki tena. Taa iliyotakiwa kuendelea kuwaka inazimika mara tu kidole kinapoondoka.

Hizo ndizo mbio zenye hatari: mwisho wa safari unategemea biti ipi imewahi. Dalili yake humsumbua fundi, kwa sababu saketi moja hufanya kazi vizuri, na nyingine iliyojengwa kwa mchoro ule ule hukosea. Pengine hata ile nzuri hubadilika joto likipanda, kwa kuwa ucheleweshaji wa malango hubadilika nalo. Ukibadilisha kifaa kimoja kwa kingine cha aina ile ile na tabia ikageuka, uchunguze misimbo kabla ya kulaumu nyaya.

Dawa ni kuhakikisha kila safari inabadilisha biti moja tu. Hali zetu zinazunguka a, b, c, d, kisha a tena, kwa hiyo tunazipa 00, 01, 11, 10. Sasa kila hatua ni ya biti moja, hata ile ya kurudi kutoka 10 kwenda 00. Hakuna wa kushindana naye.

Si kila jedwali hukubali kirahisi hivi. Kila biti moja inapobadilika, idadi ya moja katika msimbo hugeuka kutoka shufwa kuwa witiri au kinyume chake. Kwa sababu hiyo mzunguko wa hali tatu hauwezi kufungwa kwa hatua za biti moja. Hapo msanifu huongeza hali ya nne iwe daraja: saketi inapita humo bila kutulia, ikibadilisha biti moja kisha nyingine.

Kutoka misimbo hadi malango

Tukisoma jedwali kwa misimbo mipya, tunapata kanuni hizi (alama ' ni kinyume):

```
Y1 = x'·y2 + x·y1 + y1·y2
Y2 = x'·y2 + x·y1' + y1'·y2
taa = y2
```

Sehemu ya mwisho ya Y1 na ya Y2 inaonekana ya ziada, maana jedwali linatimia bila hizo. Lakini chukua hali c, kitufe kinapobonyezwa. Katika Y1, x'·y2 inazimika na x·y1 inapaswa kuchukua nafasi yake. Ikichelewa kidogo, Y1 inadondoka hadi 0, msimbo unakuwa 01, na saketi inanaswa katika b huku taa ikiendelea kuwaka. Bonyezo limepotea. Sehemu y1·y2 inaishikilia Y1 katika mwanya huo. Misimbo isiyo na mbio haiondoi hatari hii; ni kazi ya pili, na lazima ifanywe.

Kuna na mpaka wa nje. Kitufe cha kawaida hurukaruka kinapobonyezwa: vibati vyake hugusana na kuachana mara kadhaa ndani ya milisekunde chache. Malango hutulia kwa nanosekunde, hivyo saketi huhesabu kila mruko kama bonyezo kamili, na taa huishia ikiwaka au imezimika kwa bahati. Mirukoruko inapaswa kusafishwa kabla ya kufika kwenye x.

Soma tena kanuni zile. Kitufe kikiwa 0, Y1 inanakili y2. Kikiwa 1, Y2 inachukua kinyume cha y1. Ni kumbukumbu mbili zinazopokezana zamu. Ukiweka mpigo wa saa mahali pa kitufe, unapata kifaa kinachobadilika mara moja kwa kila mpigo, kile kile kinachotumika kuhesabu ndani ya saketi zenye saa. Kwa hiyo hata saketi inayoongozwa na saa imejengwa juu ya vipande ambavyo vyenyewe havina saa, na uaminifu wake unategemea mbio zilizozuiwa humo ndani.