Madai ya Mkataba: Siku ya Mwisho ya Kufungua Shauri ni Ipi?

Mwananchi anayedai haki kutokana na kuvunjwa kwa mkataba anayo miaka 6 ya kufungua shauri mahakamani. Hivyo ndivyo inavyoelekeza Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89 ya Sheria za Tanzania. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa tangu haki ya kudai ilipozaliwa, yaani siku mkataba ulipovunjwa.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara aliyeagiza mashine ya kusaga nafaka. Ijumaa ya tarehe 14 Juni, 2019 alikabidhiwa mashine yenye nguvu ndogo kuliko ile iliyoandikwa katika mkataba, lakini hakulibaini jambo hilo hadi Septemba, msimu wa mavuno ulipozidisha kazi. Wengi wangeanza kuhesabu Septemba. Sheria huhesabu tangu Juni, kwa sababu mkataba ulivunjwa siku ya makabidhiano. Ingekuwa vingine endapo muuzaji angeuficha upungufu huo kwa udanganyifu. Hapo muda ungeanza siku mnunuzi alipougundua, au alipoweza kuugundua kwa uangalifu wa kawaida.

Katika kuhesabu, siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Siku ya kwanza ni tarehe 15 Juni, 2019, na kwa hiyo mwaka wa sita unatimia mwisho wa tarehe 14 Juni, 2025. Tarehe inabaki ile ile ya tukio, mwaka ndio unaobadilika.

Hata hivyo, tarehe 14 Juni, 2025 ilikuwa Jumamosi. Muda unapomalizika siku ambayo mahakama imefungwa, sheria inaruhusu shauri lifunguliwe siku mahakama inapofunguliwa tena. Mfanyabiashara wetu angeweza basi kufungua shauri Jumatatu, tarehe 16 Juni. Jumanne angekuwa amechelewa, na shauri lingetupiliwa mbali hata kama muuzaji hakuweka pingamizi lolote kuhusu muda.

Wanaopoteza haki kwa njia hii mara nyingi si wazembe. Ni watu waliokuwa wakiandikiana barua na mdaiwa, wakisubiri suluhu. Mazungumzo ya namna hiyo, yawe marefu kiasi gani, hayasimamishi muda. Kwa upande wa deni la fedha, kinachoweza kuuanzisha upya ni mdaiwa kukiri deni kwa maandishi yenye saini yake, au kulipa sehemu yake, kabla muda haujaisha. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Aliyechelewa hawezi kuiombea mahakama impe muda wa kufungua shauri la madai. Mamlaka hayo yako kwa Waziri mwenye dhamana ya masuala ya sheria ambaye, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, anaweza kuongeza muda usiozidi nusu ya ule uliowekwa. Kwa madai ya mkataba, nyongeza hiyo haiwezi kuzidi miaka 3.